Bila kidonge siwezi tena, na harusi ni Julai

Shikamoo Daktari. Mimi ni kijana wa miaka 25, naishi Mtwara mjini. Msimu wa korosho nabeba magunia ghalani, msimu ukiisha naendesha bodaboda. Tangu Novemba, kila wikiendi tunakwenda disko mimi na wenzangu. Tunameza vidonge vya pati, wenyewe wanaviita ekstasi, na kwa kuwa ukishavimeza uume hausimami vizuri, tunaongeza vaiagra. Zote tunanunua moja moja kwa jamaa, bila boksi.

Usiku mmoja wa Desemba tulikula nyama choma na chipsi saa tatu, saa nne nikameza cha pati na bia juu yake, saa tano nikameza vaiagra ya 100. Sikuona kitu, saa sita nikaongeza nyingine. Saa nane nikiwa nainuka kwenye kiti nilianguka, nikazinduka nimemwagiwa maji. Moyo ulikuwa unapiga kama ngoma na kifua kinabana. Usiku huohuo rafiki yangu uume wake ulisimama ukagoma kushuka mpaka saa tatu asubuhi. Aliona aibu kwenda hospitali. Siku hizi unamsimama mwenyewe alfajiri kwa maumivu, nusu saa mpaka saa nzima. Huyu tangu utoto ni mtu wa kuumwa viungo na macho kuwa ya njano.

Mimi shida yangu ni nyingine. Nina mchumba, mahari nimeshatoa, ndoa ni Julai. Mara mbili nimekutana naye bila kidonge na nimeshindwa kabisa. Zamani sikuwa hivi. Je, hivi vidonge vimenikausha mishipa? Nitapona?

*

Marahaba, mwanangu. Nianze na rafiki yako, kwa sababu wewe unaweza kungoja wiki mbili tatu, yeye hawezi.

Ndani ya uume kuna mirija miwili ya nyama laini, mithili ya sponji, iliyolala sambamba tangu shina mpaka karibu na kichwa. Damu ikimiminika humo sponji huvimba, na ikivimba huibana mishipa midogo ambayo damu ingetokea. Damu inaingia, mlango wa kutokea umefungwa, uume unasimama. Tendo likiisha mlango unafunguka na damu inarudi mwilini. Usipofunguka, ile damu iliyofungiwa haipati oksijeni mpya. Saa zinavyokwenda inakuwa nyeusi na nzito, na nyama laini inayoizunguka inaanza kukosa pumzi. Hapo ndipo maumivu huanza. Hamu ilishaondoka zamani, kilichobaki ni shina gumu linalouma huku kichwa cha uume kimelegea. Ukiona hivyo, shina gumu na kichwa laini, jua damu imenasa.

Sisi tabibu tuna mpaka mmoja tunaoufundisha kila mtu: saa 4. Uume uliosimama saa 4 bila kushuka ni dharura sawa na mama aliyeshikwa na uchungu, humngojei kupambazuke. Ikifika siku nzima, sehemu kubwa ya ile nyama laini huwa imekufa, na inapopona inaacha kovu. Kovu halivimbi kwa damu. Mtu wa hivyo anaweza kuwa na hamu, mapenzi na mke anayemsubiri, na uume usisimame tena maisha yake yote. Hakuna kidonge kinachoamsha kovu.

Rafiki yako alikaa hivyo mpaka asubuhi na ukashuka wenyewe. Amebahatika. Lakini hayo ya alfajiri yananitia hofu kuliko usiku ule, na ukiyaweka pamoja na viungo kuuma tangu utoto na macho ya njano, mimi nafikiria selimundu. Mwenye selimundu chembe zake za damu hupinda mithili ya mundu pale oksijeni inapopungua. Sasa fikiria damu yake imefungiwa mahali ambapo oksijeni inapungua kila dakika: chembe zinapinda, zinashikamana, zinaziba mlango wa kutokea. Ndiyo maana watu wa selimundu wanaweza kupata hali hiyo hata bila kumeza chochote, mara nyingi usingizini au alfajiri, na vile vipindi vifupi mara nyingi hutangulia kimoja kirefu. Kwa kijana mwenye afya yake, vaiagra peke yake ni nadra kumfikisha huko. Kwake yeye, kuichanganya na dawa za pati, pombe na jasho la disko bila kunywa maji ni kama kuuwekea moto mlango ambao tayari ulikuwa mbovu.

Nitakueleza kisa kimoja, mwenyewe alinipa ruhusa ya kukisimulia. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa zamu ya usiku huku kusini, aliletwa kijana mvuvi amefungwa kanga mbili kiunoni. Alisema ameanguka kutoka kwenye mkorosho, akatua juu ya tawi miguu imepanuka. Uongo ule nusura umgharimu. Ipo aina ya kusimama kunakosababishwa na kuumia: mshipa wa kuingiza damu umechanika, damu mpya inaingia muda wote, haiumi sana na inaweza kungoja. Alichokuwa nacho yeye kilikuwa kile kingine, kisichongoja. Tulichoma sindano pembeni ya shina kuvuta damu, na iliyotoka ilikuwa nyeusi kama kahawa ya jikoni. Damu ya mtu aliyechanika mshipa hutoka nyekundu inayong'aa. Nikamfunika, nikamtoa ndugu yake nje, nikamuuliza tena. Akaniambia kweli: vidonge viwili na mchanganyiko wa disko, juzi usiku. Zilikuwa zimepita takribani saa 40. Tulivuta ile damu, tukasafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali, tukachoma dawa ya kubana mishipa ya damu, na uume ukashuka. Kusimama haukusimama tena. Alikuwa na miaka 23.

Angekuja ndani ya saa 4 au 6, sindano zilezile zingemrudisha nyumbani mzima. Kilichomchelewesha ni aibu ya kumwambia nesi.

Kwa hiyo mpeleke rafiki yako hospitali ya Ligula wiki hii, mchana, hata kama leo hana maumivu. Waombe kipimo cha selimundu na mueleze kuhusu hizo alfajiri bila kuficha. Zipo dawa za kuzuia vipindi hivyo visirudi, ila ni lazima daktari amjue kwanza. Mpaka hapo asiguse vaiagra wala vidonge vya pati. Kikimshika kipindi kingine usiku, aamke akojoe, anywe maji, atembeetembee uani. Asiweke barafu, kwa mwenye selimundu baridi inazidisha kunasa. Saa mbili zikipita haujashuka, wewe una pikipiki. Msingoje ya nne itimie ndipo mtafute ufunguo.

Sasa usiku wako. Nataka uuelewe saa kwa saa, kwa sababu ulidhani kidonge cha kwanza kilikuwa feki na hapo ndipo ulipojiangusha.

Vaiagra, ambayo jina lake la dawa ni sildenafili, haisimamishi uume. Watu wengi hawalijui hili. Unapopata hamu, neva za uume hutoa kemikali inayoiambia misuli ya mishipa ya damu ilegee, damu iingie. Mwili pia una kimeng'enya cha kuivunjavunja ile amri baadaye ili uume ushuke. Kidonge kinakizuia kile kivunjaji tu. Kama neva hazijatoa amri, hakuna cha kulinda. Ndiyo maana mtu anaweza kumeza na kukaa na wazee barazani bila jambo lolote.

Vidonge vya pati vinafanya kinyume. Ekstasi, na hata meth ambayo mara nyingine ndiyo iliyomo kwenye hivyo vidonge vya rangi, humwaga mwilini kemikali za mshtuko, jamii ya zile zinazomwagika ukikutana na simba njiani. Moyo unakwenda mbio, joto linapanda, mishipa midogo ya damu inabana, na uume ni wa kwanza kunyimwa damu kwa sababu mtu anayekimbia simba haoi. Unasikia mapenzi kichwani na chini hakuna jibu. Basi mnameza dawa ya kufungua juu ya dawa ya kufunga.

Saa nne ulimeza cha pati, kikaanza kupanda baada ya nusu saa mpaka saa nzima, na kilele chake ni kama saa mbili baada ya kumeza. Saa tano ukameza sildenafili miligramu 100, ambacho ndicho kipimo cha juu kabisa anachoruhusiwa mtu kwa siku nzima. Tumbo likiwa tupu kingefika kileleni ndani ya saa moja hivi. Lakini tumboni kulikuwa na nyama choma na chipsi. Mafuta huchelewesha kidonge hiki kwa saa nzima zaidi. Saa sita hukuona kitu kwa sababu mbili: kimoja bado kiko tumboni kinagombana na mafuta, na cha pati ndiyo kwanza kiko juu kimebana kila mshipa. Ukaongeza cha pili. Ilipofika saa saba kwenda saa nane, miligramu 200 zilikuwa zinaingia kwenye damu pamoja, juu ya bia ambazo nazo hulegeza mishipa, mwili umekauka kwa jasho, na cha pati kinaanza kushuka. Mishipa ya mwili mzima ikafunguka kwa wakati mmoja. Ukiwa umekaa damu ilitosha kufika kichwani. Ulipoinuka ikateremka miguuni, ukaanguka. Moyo ukajaribu kufidia kwa kupiga haraka kuliko ulivyokuwa ukipiga tayari.

Kifua kubana ndilo jambo ambalo lingeniamsha mimi kitandani. Dawa hizi za mshtuko zinaweza kuibana mishipa inayolisha moyo wenyewe, hata kwa kijana wa miaka 25 asiye na ugonjwa wowote. Na hapa kuna mtego ambao ni lazima wewe na wenzako muujue. Mtu akifika hospitali na maumivu ya kifua, mojawapo ya dawa anazoweza kupewa ni ile ya kuwekwa chini ya ulimi au kupuliziwa, jamii ya naitreti, inayofungua mishipa ya moyo. Ni dawa nzuri. Ikikutana na vaiagra mwilini, shinikizo la damu linaporomoka mpaka moyo wenyewe unakosa damu, na watu wamekufa hivyo. Mganga hawezi kutoa naitreti mpaka zipite saa 24 tangu umeze sildenafili. Kama ulichomeza ni tadalafili, ile inayosifiwa kwa kudumu siku nzima na zaidi, ni saa 48. Nyinyi mnanunua moja moja bila boksi, kwa hiyo hamjui mmemeza ipi. Daktari anapokuuliza umemeza nini hakuulizi ili akushtaki. Anataka kujua dawa ipi asikupe. Na mwenzako akianguka hajitambui, wewe unayejua ndiye ulimi wake, useme.

Huko mijini kuna vichupa vya kunusa navyo, vinauzwa kama kiburudisho cha disko. Ndani yake ni naitraiti, ndugu wa karibu wa hiyo naitreti. Kikifika kwenye kundi lenu, kikimbieni.

Jambo lingine nitalipita haraka, ila lisikupite wewe. Baadhi ya dawa za ARV, hasa zenye ritonavir, huzuia ini kuitoa sildenafili mwilini, hivyo kidonge kimoja kinakuwa kama vingi. Kama yupo kati yenu anayezitumia na hajawaambia, na sababu ya kutowaambia naielewa, muweke wazi tu kwa wote kwamba mchanganyiko huo unaweza kuua. Na hizo saa nyingi za kujamiiana mkiwa mmelewa, bila hisia za kawaida, huacha michubuko. Kama kinga ilipasuka au haikutumika, dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa vituoni kabla ya saa 72 kupita. Zikipita haisaidii tena.

Nije kwenye swali lako lenyewe. La, vidonge havijakausha mishipa yako. Najua mitaani wanasema vaiagra inamaliza nguvu, kwamba kila ukimeza unakopa na iko siku unadaiwa zote. Sildenafili haifanyi kazi hivyo. Inatoka mwilini, sehemu kubwa siku hiyohiyo, na haiachi mshipa umeharibika. Nakwambia hivi si kukutuliza, ni kwa sababu ukiamini mishipa imekauka utaacha kutafuta mahali ambapo shida ipo kweli.

Shida ipo sehemu mbili. Ya kwanza ni mwili unaochezewa kila wikiendi. Vidonge vya pati humwaga kwa usiku mmoja akiba ya kemikali za furaha ambazo ubongo ulizitunza. Siku tatu nne zinazofuata unakuwa mkavu: huna hamu ya chakula, ya watu, wala ya mwanamke. Ongeza kukesha. Homoni ya kiume hutengenezwa zaidi usingizini, na vijana wenye afya waliolala saa 5 tu kwa usiku kwa muda wa wiki moja walipimwa wakakutwa homoni hiyo imeshuka kwa asilimia 10 hadi 15. Niambie, hizo mara mbili ulizoshindwa na mchumba wako, zilikuwa siku gani? Kama ni Jumapili au Jumatatu, ulikuwa unaidai kazi mwili ambao umetoka kupigwa.

Ya pili ndiyo kubwa, nayo imejificha vizuri. Miezi yote hii, kila uume uliposimama, ulijua ni kidonge. Ubongo ukajifunza: nguvu iko kwenye ile karatasi ya jamaa, haiko kwako. Siku ulipokwenda kwa mchumba mikono mitupu, hukwenda kumpenda, ulikwenda kufanya mtihani. Ukawa unajichungulia, umesimama au haujasimama, na kumbe huko kujichungulia ni hofu, na hofu humwaga adrenalini. Unakumbuka nilichosema kuhusu simba? Ni kemikali za jamii ileile ya vidonge vya pati, safari hii unaitengeneza mwenyewe. Mishipa inabana, uume unalala, nawe unapata ushahidi kwamba umekwisha. Mara ya pili unaingia na ushahidi huo mkononi, na unashindwa mapema zaidi. Watafiti waliowachunguza vijana wazima wanaomeza dawa hizi kwa starehe, waliochapisha matokeo yao mwaka 2012, walikuta jambo hilihili: waliozimeza mara nyingi zaidi walikuwa na imani ndogo na uume wao wenyewe, na imani hiyo kupungua ndiko kulikofuatana na kushindwa. Mwanzo hawakuwa wagonjwa. Kama wewe.

Kuna kipimo cha bure cha kutenganisha mishipa na hofu, nacho unacho kitandani. Mwanamume mzima husimamisha mara tatu mpaka tano kwa usiku akiwa usingizini, bila kujua, na ile ya asubuhi ni ya mwisho kati ya hizo. Usingizini hakuna mtihani wala adrenalini. Kwa hiyo, kuanzia leo acha vyote viwili. Vaiagra unaweza kuiacha siku moja bila kupunguza kidogokidogo, mwili hauidai. Vya pati vitakunyong'onyeza wiki ya kwanza, utakuwa na huzuni na hasira za bure. Jua ni akiba inajazwa. Ila huzuni ikikaa zaidi ya wiki mbili, au ukaanza kufikiria kujidhuru, usikae nayo peke yako, nenda hospitali useme. Lala saa 7 au 8, na bodaboda za usiku wa manane mwachie mwingine kwa mwezi huu. Kisha angalia asubuhi zako kwa wiki mbili mpaka tatu. Ukiamka umesimama imara, hata asubuhi mbili tatu kwa wiki, basi neva, mishipa, damu na homoni vinafanya kazi, na kilichobaki ni hofu.

Zikipita wiki nne za kulala vizuri bila kidonge chochote na asubuhi zote ni kimya, hapo nenda ukapimwe: shinikizo la damu, sukari, na homoni ya kiume, ambayo damu yake ichukuliwe asubuhi kabla ya saa nne kwa kuwa mchana inashuka yenyewe. Nenda mapema pia kama uume umeanza kupinda, una uvimbe mgumu ndani au unauma ukisimama. Kifua kikibana tena, hata ukiwa hujameza kitu, usisubiri tarehe yoyote. Na kwa kuwa kilishabana mara moja, mwambie daktari akupime moyo kwa ile mashine ya umeme siku utakayompeleka rafiki yako.

Usije ukakimbilia poda za kienyeji za kuchanganya kwenye asali au kahawa, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni mizizi mitupu. Sehemu nyingi duniani, poda za namna hiyo zikipimwa maabara hukutwa zimetiwa sildenafili bila kipimo. Utakuwa umerudi palepale kwa mlango wa nyuma, na ubongo utajifunza somo lilelile kwamba nguvu iko nje yako.

Mchumba wako umwambie. Najua hili ndilo zito kuliko yote, na ungependa nikupe dawa ya kuliepuka. Lakini fikiria anachofikiri yeye sasa hivi. Binti aliyelala na mwanamume akaona ameshindwa mara mbili, tena miezi michache kabla ya ndoa, hawazi habari za mishipa. Anadhani hapendezi, au una mwingine. Huhitaji kumsimulia disko zote. Mwambie: "Kulikuwa na vidonge nilikuwa nameza na wenzangu, nimeacha, na mwili wangu unarudi taratibu. Si wewe." Maneno hayo yanatosha kwa siku ya kwanza.

Halafu muufute mtihani. Mlishakutana kimwili, kwa hiyo siwezi kujifanya sikuona, ingawa wazee wangependa nikwambie mngoje Julai, na kungoja kwenyewe kungekusaidia kweli: miezi yote hiyo hakuna anayekudai kitu. Mkiamua vinginevyo, kubalianeni kwa wiki tatu za kwanza kwamba hakutakuwa na kuingiliana hata uume ukisimama wima. Kukumbatiana, kushikana, kupapasana, basi. Itakushangaza: pale unapokuwa umekatazwa, hakuna cha kushindwa, adrenalini haiji, na uume unajiamulia. Utasimama na kulala na kusimama tena ndani ya saa hiyohiyo. Huko kulala katikati kusikutishe, ni kawaida ya kila mwanamume, ni vile tu miezi hii kidonge kilikuficha usione. Wiki ya nne endeleeni pale mnapotaka. Wengi niliowaona kwa shida kama yako hurudi ndani ya mwezi mmoja mpaka mitatu, na leo ni Februari.

Wenzako watakucheka Jumamosi ya kwanza utakapokataa. Huna haja ya kuwahubiria. Waambie tu ile habari ya saa 4 na ile ya dawa ya chini ya ulimi, kisha uende kumchukua rafiki yako. Ligula mfike asubuhi, mapema, kabla foleni haijajaa, na akisita mlangoni kwa aibu ingia naye ndani uanze kueleza wewe.